Barua Pepe kwa Jina la Duka Lenyewe

Duka la mashuka na taulo pale Kariakoo linaweza kuuza miaka mingi kwa simu na WhatsApp bila kukwama. Linaanza kukwama siku mteja anapokuwa hoteli. Ofisa ununuzi wa hoteli haagizi mashuka mia mbili kwa ujumbe wa sauti. Anataka profoma, na anaitaka kwa barua pepe, kwa kuwa ndiyo itakayokwenda kwa mhasibu na kuingia kwenye faili la malipo. Profoma hiyo ikitoka kwenye anwani ya Gmail yenye jina la duka na tarakimu mbili, mhasibu hana cha kumhakikishia kwamba ni duka lenyewe limeandika. Tapeli anaweza kufungua anwani inayotofautiana na ile kwa tarakimu moja tu, akatuma profoma hiyo hiyo ikiwa na akaunti nyingine ya benki.

Anwani yenye jina la duka baada ya alama ya @ inatatua tatizo hilo, lakini kwa sharti. Kuifungua ni kazi ya mchana mmoja. Kinacholeta tofauti ni mambo mawili ambayo mafundi wengi huyapita haraka: jina limesajiliwa kwa nani, na barua inayotoka inathibitishwaje kwa seva inayoipokea.

Tuchukue duka hilo la mashuka kama mfano, na jina lake la kubuni liwe mashukamfano.co.tz.

Hatua ya kwanza ni kusajili jina hilo, ambalo kitaalamu huitwa jina la kikoa na mtaani huitwa domeini. Majina yanayoishia .tz yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na mwenye duka huyanunua kwa msajili aliyeidhinishwa. Kenya, majina ya .ke husimamiwa na KENIC, na maduka mengi huko huchukua .co.ke. Jina halinunuliwi moja kwa moja. Hulipiwa ada, kwa kawaida ya mwaka, na ada isipolipwa jina hurudi sokoni.

Jina zuri ni lile ambalo mteja anaweza kuliandika akisomewa kwenye simu. Kistari katikati, tarakimu au herufi zilizorudiwa kwa mbwembwe huleta maswali kila linapotajwa, na barua za wateja wanaokosea hupotea au kuangukia kwa mtu mwingine.

Fomu ya usajili huuliza mwenye jina ni nani na anwani yake ya barua pepe ni ipi. Hapa ndipo maduka mengi yanapoteza haki yao bila kujua. Fundi wa kompyuta, kwa nia njema tu, hujaza jina lake na anwani yake ili kazi iishe upesi. Miaka mitatu baadaye amehama mji au wamegombana na mwenye duka, na kwa msajili yeye ndiye mwenye mali. Duka lijaze jina lake kama lilivyo BRELA, simu ya mwenyewe, na anwani ya barua pepe ambayo haiko kwenye kikoa hicho hicho. Sharti hili la mwisho lina sababu. Jina likikatika kwa kukosa ada, barua zake zote hukatika nalo, na taarifa ya msajili ya kudai ada itakuwa inatumwa kwenye sanduku ambalo halipokei tena. Gmail ya mwenye duka inafaa kabisa kwa kazi hiyo.

Jina likishapatikana, duka linatafuta mahali pa kuweka barua zake. Njia zilizozoeleka ni mbili. Ya kwanza ni seva ile ile inayohifadhi tovuti, ambayo mara nyingi huendeshwa kwa cPanel na huja na masanduku ya barua ndani ya bei. Ni nafuu, lakini anwani ya mtandao ya seva hiyo hutumiwa na wateja wengi kwa pamoja. Mmoja wao akituma barua taka kwa maelfu, anwani nzima huingia kwenye orodha nyeusi, na profoma za jirani asiye na kosa zinakataliwa pia. Njia ya pili ni kulipia huduma ya barua peke yake, kama Google Workspace, Microsoft 365 au Zoho Mail, ambazo hutoza kwa kila mtumiaji kwa mwezi.

Neno mtumiaji hapo ndilo la kulipigia hesabu. Mwenye duka anayetaka mauzo@, malipo@ na anwani yenye jina lake anaweza kudhani atalipia watumiaji watatu. Si lazima. Kwenye Google Workspace mtumiaji mmoja anaweza kupewa hadi anwani 30 za ziada bila kuongeza senti, na barua za anwani zote huingia kwenye sanduku moja. Duka la watu wawili, mwenyewe na muuzaji wake, linahitaji watumiaji wawili tu. Mauzo@ iende kwa muuzaji, malipo@ iende kwa mwenyewe. Wateja wataona duka lenye idara, na likikua hakuna anwani itakayobadilishwa.

Duka letu la mfano tayari lina tovuti ndogo kwenye cPanel, na sasa linahamishia barua Google Workspace. Mchanganyiko huu ni wa kawaida, na pia ndio wenye mitego mingi, kwa hiyo unafaa kufuatwa hatua kwa hatua.

Kila jina la kikoa lina orodha yake ya rekodi kwenye DNS, mfumo unaoziambia kompyuta za dunia nzima kitu gani cha jina hilo kiko wapi. Rekodi inayoelekeza barua huitwa MX. Seva ya hoteli ikitaka kuiandikia mauzo@mashukamfano.co.tz, huuliza kwanza MX ya mashukamfano.co.tz ni ipi, kisha hupeleka barua huko. Tangu 2023 Google hutoa rekodi moja tu kwa wateja wapya:

```
Jina: @
Aina: MX
Kipaumbele: 1
Thamani: smtp.google.com
```

Alama ya @ kwenye nafasi ya jina ina maana ya kikoa chenyewe. Baadhi ya paneli huidai hivyo, nyingine hutaka nafasi iachwe wazi au jina zima liandikwe. Paneli nyingi huongeza jina la kikoa zenyewe mwishoni mwa kila rekodi, kwa hiyo anayeandika jina zima kwenye paneli ya aina hiyo hujikuta ameunda rekodi ya mashukamfano.co.tz.mashukamfano.co.tz, ambayo hakuna seva itakayoiuliza kamwe. Rekodi ya zamani ya MX iliyokuwa inaelekeza kwenye cPanel nayo ifutwe. Ikibaki, baadhi ya barua zinaweza kuendelea kwenda kwenye seva ya zamani, na duka litaona agizo moja limefika na lingine limepotea bila sababu.

Kuona dunia inavyoisoma rekodi hiyo, amri moja kwenye kompyuta inatosha:

```
nslookup -type=mx mashukamfano.co.tz
```

Jibu likitaja smtp.google.com peke yake, mlango umeelekezwa sawa. Likiendelea kutaja seva ya zamani, pengine ni suala la muda tu: seva nyingine huhifadhi jibu la zamani kwa saa kadhaa, na inaweza kuchukua hadi siku mbili. Ndiyo maana uhamishaji wa aina hii hufanywa Ijumaa jioni, na sanduku la zamani halifungwi kabla ya kukaguliwa wiki inayofuata.

Kuna kosa moja ambalo amri hiyo haitaligundua. Fomu ya maoni iliyo kwenye tovuti ya duka inatuma barua, na seva ya cPanel inasema imeituma, lakini haionekani Google. Wateja wa nje wanaandika na barua zao zinafika vizuri. Sababu ni kwamba cPanel bado inaamini yenyewe ndiyo yenye barua za kikoa hiki, kwa hiyo haijisumbui kuuliza MX. Inaitia barua kwenye sanduku lake la ndani ambalo hakuna anayelifungua. Dawa iko kwenye ukurasa wa `Email Routing`: badala ya `Local Mail Exchanger` huchaguliwa `Remote Mail Exchanger`.

Kufikia hapo barua zinaingia. Zinazotoka ni habari nyingine.

Mfumo wa barua pepe ulibuniwa zamani bila njia ya kuhakiki mtumaji. Mtu yeyote mwenye seva anaweza kuandika kwamba barua yake imetoka mauzo@mashukamfano.co.tz. Rekodi tatu zilibuniwa baadaye kuziba pengo hilo: SPF, DKIM na DMARC. Kwa muda mrefu maduka madogo yaliziona kama mambo ya benki. Februari 2024 Google na Yahoo walianza kudai kwamba kila anayewaandikia wateja wao awe na angalau SPF au DKIM, na wanaotuma kwa wingi wawe nazo zote tatu. Google huhesabu wingi kuanzia barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail. Duka la mashuka halifiki huko, lakini likikosa zote, barua yake itaangukia kwenye taka au itarudishwa.

SPF ni orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa. Hapa duka letu linakutana na mtego mwingine, kwa sababu kampuni inayohifadhi tovuti ilishaweka SPF yake, kitu kama hiki:

```
v=spf1 +a +mx +ip4:203.0.113.25 ~all
```

Maelekezo ya Google nayo yanasema iwekwe rekodi yenye `include:_spf.google.com`. Fundi mwenye haraka huongeza rekodi ya pili chini ya ile ya kwanza. Kanuni ya SPF hairuhusu: kikoa kiwe na rekodi moja tu ya aina hiyo, na seva inayokuta mbili huhesabu kuwa kuna kosa na kuzitupa zote. Kwa hiyo duka lililoongeza ulinzi linabaki bila hata ule wa mwanzo. Kinachotakiwa ni kuziunganisha, seva ya tovuti na Google ndani ya mstari mmoja:

```
v=spf1 ip4:203.0.113.25 include:_spf.google.com ~all
```

DKIM hufanya kazi tofauti. Ni sahihi ya kidijitali inayobandikwa kwenye kila barua, na ufunguo wa kuihakiki huwekwa hadharani kwenye DNS. Umuhimu wake huonekana pale barua inapopitishwa. Hoteli nyingi hupokea barua kwenye info@ kisha mfumo huzirusha kwenye sanduku la meneja. Zikirushwa hivyo, seva ya mwisho huona barua imetoka kwenye seva ya hoteli, ambayo haimo kwenye orodha ya SPF ya duka. SPF inafeli bila kosa la yeyote. DKIM husafiri ndani ya barua yenyewe, hivyo maadamu barua haikubadilishwa njiani, sahihi inabaki halali.

Ufunguo huo hutengenezwa kwenye paneli ya Google, sehemu ya Gmail, ukurasa wa `Authenticate email`. Akaunti mpya hutakiwa kusubiri siku moja hadi tatu kabla ya kuruhusiwa. Paneli hutoa maandishi marefu ya kubandika kwenye rekodi ya TXT yenye jina `google._domainkey`. Baada ya kubandika, lazima kurudi kwenye ukurasa ule ule na kubonyeza `Start authentication`. Wengi hufunga kompyuta kabla ya kitufe hicho.

Rekodi ya tatu, DMARC, huziambia seva nyingine zifanye nini zikikutana na barua inayodai kutoka dukani lakini imefeli vipimo hivyo viwili. Huanzwa kwa upole:

```
Jina: _dmarc
Aina: TXT
Thamani: v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@mashukamfano.co.tz
```

`p=none` maana yake barua isizuiwe, ila ripoti itumwe. Anwani ya ripoti@ iwe imeshafunguliwa kama moja ya zile za ziada. Ripoti hizo, ambazo kwa kawaida huja mara moja kwa siku kutoka kwa kila kampuni kubwa ya barua, huonyesha seva zipi zinatuma kwa jina la duka. Mara nyingi hufichua kitu kilichosahauliwa, kama programu ya ankara au fomu ya tovuti. Vyote vikishapita vipimo kwa wiki chache, `none` hubadilishwa kuwa `quarantine`, inayopeleka barua bandia kwenye taka, na hatimaye `reject`, inayozikataa mlangoni. Anayeruka moja kwa moja hadi `reject` siku ya kwanza huenda akazuia profoma zake mwenyewe.

Jaribio la kuhakiki haya yote ni rahisi. Barua itumwe kutoka mauzo@ kwenda Gmail ya mtu binafsi, ifunguliwe kwenye kompyuta, kisha vidoti vitatu pembeni mwa barua vibonyezwe na `Show original` ichaguliwe. Juu ya ukurasa huonekana mistari ya SPF, DKIM na DMARC, na kila mmoja unatakiwa kusema PASS. Mstari wa DKIM usomwe hadi mwisho, kwa sababu PASS peke yake inaweza kudanganya. Kabla duka halijawasha ufunguo wake, Google husaini barua kwa jina lake, na mstari huonyesha PASS ya jina refu linaloishia gappssmtp.com. Inayotafutwa ni PASS yenye jina la mashukamfano.co.tz. Jaribio lifanyike pia kutoka kwenye fomu ya tovuti, na pia kwenda kwenye anwani isiyo ya Gmail.

Pamoja na ulinzi huu wote, kuna utapeli ambao DMARC haiugusi. Rekodi hizo hulinda jina la duka lenyewe tu. Tapeli akisajili jina linalofanana nalo, tuseme lenye herufi moja iliyozidi, anaweza kuweka SPF, DKIM na DMARC zake na barua zake zikapita vipimo vyote, kwa sababu kweli zimetoka kwenye kikoa chake. Kati ya 2013 na 2015 Mlithuania Evaldas Rimasauskas alizichukulia Google na Facebook zaidi ya dola milioni 100 kwa mtindo wa karibu na huo. Alisajili Latvia kampuni yenye jina sawa na Quanta Computer, mtengenezaji wa Taiwan aliyekuwa akiwauzia vifaa, kisha akatuma ankara na barua pepe zilizofanana na za Quanta. Mwaka 2019 alihukumiwa Marekani kifungo cha miaka mitano. Kwa duka la Kariakoo kinga ya hali hiyo ni utaratibu: chini ya kila profoma yaandikwe maneno kwamba namba ya akaunti ya benki haibadilishwi kwa barua pepe, na mteja akipokea badiliko lolote apige simu kwenye namba aliyokuwa nayo tangu mwanzo, si ile iliyoandikwa ndani ya barua hiyo.

Ada ya mwaka inastahili uangalizi ule ule. Desemba 1999 kampuni ya Microsoft ilisahau kulipia passport.com, jina lililotumika kuwaingiza watu kwenye Hotmail, na watumiaji wengi wakashindwa kufungua barua zao. Mtaalamu wa Linux wa Marekani, Michael Chaney, ndiye aliyelipa dola 35 siku ya Krismasi kwa kadi yake na huduma ikarudi. Microsoft ilikuwa na bahati ya kukutana na mtu mwema. Jina la duka likikatika na kusajiliwa na mgeni, mgeni huyo anaweza kufungua mauzo@ upya na kuanza kupokea barua za hoteli. Anaweza pia kuomba nywila mpya za kila akaunti iliyofunguliwa kwa anwani hiyo, kuanzia ukurasa wa Facebook hadi programu ya ankara. Kulipia miaka miwili au mitatu kwa pamoja, msajili akiruhusu, hupunguza nafasi za kusahau.

Kwenye daftari la duka, kando ya tarehe ya kulipia ada, yaandikwe majina ya paneli tatu: ya msajili, ya seva ya tovuti, na ya Google. Kwa kila moja itajwe anwani inayotumika kuingilia na nani anayo. Nywila zisiandikwe hapo. Kila paneli iwashiwe uthibitisho wa hatua mbili kwenye simu ya mwenye duka, na misimbo ya akiba ichapishwe na kuwekwa pamoja na hati za leseni, maana simu hupotea.

Muuzaji akiacha kazi, sanduku lake lisifutwe siku hiyo hiyo. Kwanza nywila ibadilishwe na vifaa vyake vyote vitolewe kwenye akaunti, kisha anwani ya mauzo@ ihamishiwe kwa mtumiaji mwingine ili maagizo yaendelee kuingia. Barua za zamani zenye makubaliano ya bei na hoteli zihamishwe nazo kabla mtumiaji hajafutwa. Google humhifadhi mtumiaji aliyefutwa kwa siku 20, na katika muda huo msimamizi anaweza kumrudisha pamoja na barua zake. Siku hizo zikipita, barua hizo hazirudi tena.